Kisima Kimoja, Nukta Mbili

Wakusanyaji wawili wakipima kisima kilekile kwa simu, ramani huonyesha visima viwili, kwa kuwa GPS ya simu huweza kukosea mita 5 hivi hata mahali peupe. Kwanza badili digrii ziwe mita, kisha tafuta nukta zilizoachana mita 10 au pungufu. Tuseme mbili zimeachana mita 7: linganisha jina la kisima na aina ya pampu. Vikilingana, ziunganishe kwa wastani wa mahali pake, ukihifadhi rekodi za awali.

Angalia mnyororo: A na B zimeachana mita 8, B na C mita 8, lakini A na C mita 16. Hapo usiunganishe zote. Rudi kisimani ukahakiki.