Bei Imepanda, au Mstari Umehama?

Kuna swali la uchumi linalowaangusha wanafunzi wengi, na sura yake ni hii. Bei ya samaki ikishuka, mahitaji huongezeka. Mahitaji yakiongezeka, bei hupanda. Kwa hiyo bei ya samaki ikishuka, itapanda. Kosa liko wapi?

Ukisikiliza kila sentensi peke yake huoni tatizo. Muuza samaki atakubaliana na ya kwanza, na ya pili pia. Hila ni kwamba mahitaji yanayotajwa katika sentensi ya kwanza si yale ya sentensi ya pili. Ili kuyatenganisha, twende soko la Feri, Dar es Salaam, tukiwa na hesabu ya kubuni ya vibua.

Tuseme siku ya kawaida, kilo ikiuzwa shilingi 6,000 wateja watachukua kilo 400. Ikiuzwa 5,000 watachukua 500, na kwa 4,000 watachukua 600. Ziweke nukta hizo tatu kwenye karatasi, ziunganishe, utapata mstari unaoteremka. Huo mstari mzima, yaani orodha yote ya bei na kiasi ambacho watu wako tayari kununua kwa kila bei, ndio mahitaji. Bei ikishuka kutoka 5,000 hadi 4,000, mstari hautikisiki. Wateja wameteremka tu kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya mstari uleule. Kilichoongezeka ni kiasi kinachonunuliwa.

Sasa iingie Kwaresima, watu waache nyama. Kwa bei ileile ya 5,000 wanataka kilo 700 badala ya 500, na kwa 6,000 wanataka 600 badala ya 400. Hapa mstari wote umehamia kulia kwa kilo 200, na bei ya samaki haikuhusika kuuhamisha. Mahitaji ya namna hii ndiyo yanayopandisha bei. Swali letu la mtihani lilianza na watu wanaotembea juu ya mstari, kisha likajifanya kana kwamba mstari wenyewe umehama.

Mwanafunzi akikosa swali hili hupoteza alama chache. Mwaka 1914 lilimponza mtu mzito zaidi. Henry Moore, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua takwimu halisi za soko na kujaribu kuchora mstari wa mahitaji kutokana nazo. Kwa mazao ya shambani kama mahindi, mistari yake iliteremka kama ilivyotarajiwa. Alipofika kwenye chuma ghafi, mstari ukapanda: miaka ambayo bei ilikuwa juu, ndiyo miaka ambayo chuma kilinunuliwa kwa wingi. Moore hakutilia shaka njia yake. Katika kitabu chake alitangaza kwamba amegundua aina mpya ya mahitaji.

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja, Philip Wright, alikipitia kitabu hicho na kuonyesha tatizo. Uchumi wa Marekani ulipochangamka, kila mtu alitaka chuma kwa wakati mmoja: wajenzi, wenye reli, wenye viwanda. Mstari wa mahitaji ulihamia kulia, bei ikapanda, na wenye tanuri, kwa kuvutiwa na bei hiyo, wakazalisha zaidi. Uchumi ulipolala, yote yakarudi nyuma. Nukta alizoziunganisha Moore hazikuwa zinaeleza tabia ya wanunuzi hata kidogo. Zilikuwa zinaeleza tabia ya wauzaji.

Simlaumu sana Moore, kwa sababu takwimu za soko hazina lebo. Rudi Feri uone. Tuseme wavuvi nao wana mstari wao: kwa 4,000 wanaleta kilo 400, kwa 5,000 kilo 500, kwa 6,000 kilo 600. Siku ya kawaida mistari miwili inakutana kwenye 5,000, na kilo 500 zinauzwa. Wakati wa Kwaresima inakutana kwenye 6,000, na kilo 600 zinauzwa. Kisha Kwaresima ipite, bahari ichafuke, boti nyingi zishindwe kutoka, na wavuvi walete kilo 200 pungufu kwa kila bei. Mistari sasa itakutana tena kwenye 6,000, lakini kilo zitakazouzwa ni 400.

Bei ni moja, 6,000, ila mara ya kwanza zimeuzwa kilo 600 na mara ya pili 400. Mwenye daftari la mauzo peke yake, bila kujua habari za Kwaresima wala za bahari, atachukua wastani na kupata 500, sawa kabisa na siku samaki walipokuwa 5,000. Atahitimisha kwamba bei haiwashtui wanunuzi. Ni uongo mtupu, na hesabu yake haina kosa la kujumlisha hata moja.

Dawa ilipatikana mwaka 1928, katika kiambatisho cha kitabu cha Wright huyohuyo kuhusu ushuru wa mafuta ya mimea na wanyama. Wazo ni hili: ukitaka kuuona mstari wa wanunuzi, tafuta kitu kinachowasukuma wauzaji lakini hakiwagusi wanunuzi. Wright aliangalia mbegu za kitani, ambazo mafuta yake yalitumika sana kutengeneza rangi. Mavuno ya kila ekari hupanda na kushuka kwa sababu ya hali ya hewa, na mtengeneza rangi mjini hana habari kama mvua imenyesha shambani au la. Anachokiona ni bei. Basi bei inapobadilika kwa sababu ya mavuno, mwendo wa mtengeneza rangi unafuata mstari wake mwenyewe, na hapo ndipo unapoweza kuupima.

Kwa samaki, mvua ya Wright ni dhoruba. Mchumi Kathryn Graddy alikusanya takwimu za soko la samaki la Fulton, New York, kutoka kwa muuzaji mmoja, za kuanzia Desemba 1991 hadi Mei 1992. Takwimu zikitumika kama zilivyo, bei ikipanda kwa asilimia 10, kiasi kinachonunuliwa kinaonekana kupungua kwa takribani asilimia 5. Zikiangaliwa zile tofauti za bei zilizoletwa na mawimbi na upepo wa baharini siku chache kabla ya mauzo, upungufu unakaribia asilimia 10. Wanunuzi walikuwa wepesi kukimbia bei mara mbili ya walivyoonekana. Siku za wateja wengi ziliificha tabia hiyo, kama Kwaresima ilivyoificha kwetu.

Atakayetaka kufanya hesabu hiyo Feri asikimbilie mvua ya masika. Mvua kubwa inaweza kuwazuia wavuvi, lakini inajaza maji barabarani pia, mama lishe hafiki mnadani, na wateja wake wanakula nyumbani. Hapo mistari yote miwili imehama kwa pamoja na tumerudi kwenye daftari lisilo na lebo. Afadhali kusi kali inayovuma huko nje baharini huku mjini kukiwa na jua. Hata hiyo itampa jibu la siku chache tu, yaani mnunuzi anafanya nini asubuhi anapokuta vibua vimepanda. Bei ikikaa juu mwaka mzima, mama lishe atakuwa ameshahamia kwenye dagaa au maharage, na dhoruba ya siku tatu haiwezi kumwonyesha hilo.