Simu ikiandika neno lingine, kosa si la ulimi wako

Tuchukue mfano. Mtu wa Lubarika anabonyeza alama ya mikro kwenye simu yake, anasema: «Niko natafuta mahali pa kuanika mpunga.» Simu inaandika: «Niko natafuta mahari.» Mwenye kupokea ujumbe anajiuliza ni nani anataka kuoa.

Kilichotokea ni nini? Katika Kirundi na lugha zingine za bonde la Ruzizi, L na R hazitenganishi maneno kama katika Kiswahili sanifu. Jirani akisikia «kuanika mpunga», anajua moja kwa moja kwamba ni mahali. Mashine yenyewe inalinganisha sauti na zile ilizofundishwa, kisha inachagua neno ambalo linaonekana karibu zaidi. Haina tabia ya kuuliza: «Umesema nini?» Mara nyingi inaandika tu, hata kama haikushika kitu.

Na ilifundishwa na sauti za nani? Programu moja inayojulikana, Whisper, ya kampuni ya OpenAI, ilitoka mwaka 2022. Ilifundishwa na zaidi ya masaa 400,000 ya Kingereza kilichosemwa na kuandikwa. Kiswahili kilikuwa na masaa yapata 5 tu. Ndani ya masaa 5, sauti ya watu wa Uvira, wanaosema «banakuya» na «niko naenda», itapata nafasi gani?

Kwa mtu mwenye shida ya kusema, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2024, watafiti wa Amerika walichunguza programu hiyohiyo. Karibu rekodi 1 katika kila 100 ilikuwa na maneno au sentensi nzima ambazo hakuna mtu aliyezisema. Jambo hilo lilitokea zaidi kwa watu ambao ubongo wao uliumia na maneno yanakuja kwa shida. Wanasimama muda mrefu katikati ya sentensi, na mashine inajaza ule ukimya na maneno yake. Sasa fikiria maneno hayo yakiingia kwenye karatasi ya mgonjwa.

Utajuaje kosa liko wapi? Rekodi sauti, mpe jirani asikilize bila kuona maandishi. Kama yeye ameelewa yote, basi ni mashine iliyoshindwa. Kisha hesabu: kwenye maneno 20, ngapi yamegeuka? Kama ni 5, hilo ni neno 1 katika kila 4, na maandishi hayo hayafai kwa dawa wala kwa pesa.

Kumlazimisha mzee aliyepooza arudilie mara kumi hakusaidii, sababu anachoka na sauti inazidi kuharibika. Afadhali kutuma sauti yenyewe. Na kama maandishi yanahitajika, mtu anayemzoea aandike, amsomee, naye akubali au akatae kwa kichwa. Sauti ile ihifadhiwe, ili siku ya mabishano irudi kusikilizwa.