Mkutano wa saa nzima, uhakiki wa dakika 20: alama za shaka zinavyosaidia

Chukulia mkutano wa kijiji huko Suma, wilayani Rungwe, umerekodiwa kwa simu saa nzima. Programu imegeuza sauti kuwa maandishi, maneno kama 6,000. Je, mhakiki asikilize yote upya?

Si lazima. Programu kama Whisper inaweza kulipa kila neno alama kati ya 0 na 1, kuonyesha ina uhakika kiasi gani. Mhakiki anaweka kikomo, tuseme 0.6, na kila neno lililo chini yake linapakwa njano.

Mjumbe akisema "shamba la Suma", programu inaweza kuandika "shamba la soma", alama 0.41. Mhakiki anarudi hapo tu, anasikiliza sekunde chache, anasahihisha. Maneno ya njano yakiwa 120, kila moja sekunde 10, kazi inaisha ndani ya dakika 20.

Ila kuna mtego. Mtu akisema "ekari mbili na nusu", programu ikameza "na nusu", hakuna neno la kupakwa njano. Muhtasari unabaki na ekari mbili, na nusu ekari ya mtu imepotea kimyakimya.

Ndiyo maana majina, namba na mipaka ya mashamba husikilizwa yote, hata yasipokuwa na njano. Kisha mhakiki achague dakika mbili tatu zisizo na alama. Akikuta makosa humo, apandishe kikomo hadi 0.7 na kurudia.