Jumla Ileile, Muda Tofauti: Kompyuta Inaposoma Matriki kwa Wima

Chukua matriki yenye safu mlalo 4,096 na safu wima 4,096, kila kisanduku kina namba nzima moja, na kazi ni kupata jumla ya namba zote. Unaweza kuanza juu kushoto, ukaenda kulia mpaka mwisho wa safu, ndipo ukashuka safu ya pili. Au unaweza kuteremka kutoka juu mpaka chini kabisa, kisha ukahamia safu wima inayofuata. Vyovyote utakavyofanya, utajumlisha mara 16,777,216 na utapata jibu lilelile. Ila ukipima muda kwenye kompyuta ya kawaida ya mapajani, njia ya pili itachelewa mara kadhaa, na si ajabu ikachelewa zaidi ya mara kumi.

Kwa lugha ya C, tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba jicho linaweza kuiruka:

```c
/* kwa mlalo */
for (i = 0; i < N; i++)
    for (j = 0; j < N; j++)
        s += a[i][j];

/* kwa wima */
for (j = 0; j < N; j++)
    for (i = 0; i < N; i++)
        s += a[i][j];
```

Mistari miwili ya `for` imebadilishana nafasi, basi. Darasani mwalimu wa hisabati angekupa alama zote kwa yoyote kati ya hizo mbili, na angekuwa sahihi. Anayezitofautisha ni kumbukumbu ya kompyuta, maana yenyewe haijui mlalo wala wima. Ni utepe mmoja mrefu wa baiti, kila baiti na anwani yake. C huipanga safu mlalo ya kwanza yote, ikifuatiwa na ya pili, kisha ya tatu, mpaka mwisho. Namba nzima huchukua baiti 4, kwa hiyo jirani wa kulia yuko baiti 4 mbele, ilhali jirani wa chini, ambaye kwenye karatasi anaonekana yuko karibu vilevile, yuko baiti 16,384 mbele.

Umbali huo usingekuwa na maana kama prosesa ingekuwa inachota namba mojamoja moja kwa moja kutoka kumbukumbu kuu. Lakini kumbukumbu kuu iko mbali: kuiomba kitu na kukipata huchukua takriban nanosekunde 80 hadi 100, muda ambao prosesa ya leo ingeweza kufanya mamia ya hesabu. Ndiyo maana ndani ya prosesa huwekwa kumbukumbu ndogo na ya haraka iitwayo kache, kwa ngazi. Ya kwanza, yenye kilobaiti 32 au 48 hivi, hujibu kwa nanosekunde moja au zaidi kidogo. Ya pili ni kubwa zaidi na ya polepole zaidi, na ya tatu, yenye megabaiti kadhaa, ndiyo ya mwisho kabla ya kutoka nje.

Kache haileti namba moja. Huleta kipande kizima cha baiti 64, kinachoitwa mstari wa kache, na ndani yake mna namba 16 zinazofuatana. Ni kama duka la jumla linalouza mayai kwa trei tu. Anayesoma kwa mlalo huchukua trei, akala mayai yote, ndipo akarudi dukani. Anayesoma kwa wima hubeba trei nzima kwa ajili ya yai moja, akaiweka, akaenda kuchukua nyingine, na jikoni kwake hakuna nafasi ya kuweka trei 4,096.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Safu wima moja ya matriki yetu hugusa mistari 4,096 tofauti, ambayo kwa pamoja ni kilobaiti 256. Kama yote ingekaa kwenye kache ya kwanza, safu wima ya pili ingeikuta tayari, kwa sababu namba zake zimo kwenye mistari ileile, na hasara ingekuwa ndogo. Lakini kilobaiti 32 haziwezi kubeba 256. Unapofika chini ya safu wima ya kwanza, mistari ya juu imeshafukuzwa, na unapoanza ya pili inabidi uiombe upya. Kila mstari huombwa mara 16 badala ya mara moja.

Mtu angesema: sawa, lakini kache ya pili kwenye prosesa nyingi za sasa ina megabaiti 1, na kilobaiti 256 zinaingia humo bila shida. Kwa hesabu ya ukubwa peke yake, ndiyo. Ila kache haipokei mstari popote palipo wazi. Imegawanywa katika makundi, na anwani ya mstari ndiyo inayoamua uingie kundi gani. Chukua kache ya megabaiti 1 yenye makundi 1,024, kila kundi nafasi 16. Hatua yetu ni baiti 16,384, ambayo ni kipeo cha mbili, na matokeo yake ni kwamba safu wima nzima huangukia makundi 4 tu kati ya yote 1,024. Nafasi 64 zinagombewa na mistari 4,096 huku sehemu kubwa ya kache ikikaa bure. Mzigo unaishia kwenye ngazi ya tatu, ambako makundi huchaguliwa kwa njia inayochanganya anwani zaidi.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika somo hili linatokea hapo. Ongeza safu wima 16 zisizotumika, ziwe 4,112 badala ya 4,096. Data imeongezeka, na umbali wa hatua umekuwa baiti 16,448, yaani mistari 257 ya kache, namba isiyogawanyika kwa mbili. Sasa mistari ya safu wima moja husambaa kwenye makundi yote 1,024, minne kila kundi. Endesha tena usomaji wa wima, na kwenye mashine nyingi muda hupungua waziwazi. Hakuna hesabu iliyoondolewa wala kazi iliyopunguzwa, na matriki imenenepa. Ukiliona hilo kwenye skrini yako, huhitaji kushawishiwa tena kwamba kache ndiyo mhusika.

Hata hivyo, muda hauteremki ukafikia ule wa mlalo. Sehemu ya gharama inatokana na kurasa. Mfumo endeshi hugawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 4,096, na prosesa hutunza jedwali dogo la kutafsiri anwani za kurasa hizo. Msomaji wa mlalo hukaa kwenye ukurasa mmoja kwa namba 1,024 mfululizo, ilhali wa wima hubadilisha ukurasa kila hatua, na jedwali hilo haliwezi kukumbuka kurasa 4,096 mpya kwa kila safu wima. Pia prosesa ina utaratibu wa kubashiri: ikiona unasoma mfululizo, huleta mistari inayofuata kabla hujaiomba. Kwa wima, hatua ndefu zinazovuka kurasa huunyima utaratibu huo nafasi ya kukusaidia.

Sasa upimaji. Hapa wengi hupata namba nzuri zisizo na maana, na kosa linaloongoza ni kusahau kuijaza matriki. Kwenye Linux, kumbukumbu iliyoombwa bila kuandikwa kitu huwa haipo kweli. Ukiisoma, mfumo huzielekeza kurasa zote kwenye ukurasa mmoja wa sifuri. Matriki yako ya megabaiti 64 inageuka kuwa ukurasa mmoja ulio ndani ya kache muda wote, na unachopima kwa kiasi kikubwa ni gharama ya mfumo kukuandalia kurasa mara ya kwanza. Kwa hiyo jaza kwanza, halafu anza saa.

Kosa la pili ni kutochapisha jumla. Kompaila ikiona `s` haitumiki popote, hufuta kitanzi chote, na programu inamaliza kabla ya kuanza. Kosa la tatu ni la kuchekesha kidogo: kompaila ya GCC, kuanzia toleo la 8, ikipewa `-O3` inaweza kubadilisha nafasi ya vitanzi yenyewe. Unaandika wima, yenyewe inaendesha mlalo, na unaondoka ukisema hakuna tofauti. Tumia `-O2` kwa jaribio hili. Saa iwe `clock_gettime` yenye `CLOCK_MONOTONIC`, rudia kila usomaji mara kadhaa, na uchukue muda mdogo kuliko yote badala ya wastani, kwa sababu programu nyingine zinazopita huongeza muda tu, hazipunguzi.

Saa peke yake inakuambia kuna pengo, haikuambii limetoka wapi. Njia rahisi ya kulichunguza ni kupunguza ukubwa. Matriki ya 64 kwa 64 ni kilobaiti 16, inaingia yote kwenye kache ya kwanza, na humo pengo karibu hupotea (rudia usomaji maelfu ya mara, la sivyo saa haitaona kitu). Panda polepole na utaona pengo likianza pale ngazi ya kwanza inapozidiwa. Ukitaka ushahidi wa moja kwa moja, prosesa yenyewe huhesabu mara ilizokosa kitu kwenye kache, na Linux inakuruhusu kuisoma hesabu hiyo:

```
perf stat -e L1-dcache-load-misses ./wima
```

Kwa mlalo tegemea takriban milioni 1 kwa kila usomaji mmoja wa matriki, yaani namba zote zikigawanywa kwa 16. Kwa wima tegemea karibu milioni 16.8, kila namba na kukosa kwake. Usishangae kwamba muda haukupanda mara 16 kamili: prosesa haikai ikisubiri ombi moja hadi liishe, hutuma maombi kadhaa kwa wakati mmoja, na sehemu ya kusubiri humezwa humo.

Si kila lugha inapanga kama C. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, hupanga kwa wima, na R, MATLAB na Julia zinafuata mkondo huo. Huko kanuni inageuka: kitanzi cha ndani kitembee kwa wima. Anayehamisha programu ya zamani kutoka Fortran kwenda C mstari kwa mstari hupata majibu sahihi na programu nzito, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaomwambia kwa nini.

Ziko kazi ambazo kubadilisha vitanzi hakuziokoi. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha 3,000, ukiigeuza nyuzi 90, lazima usome kwa mlalo na uandike kwa wima, au kinyume chake. Upande mmoja utaumia tu. Dawa ni kuikata picha katika viraka vya pikseli 16 kwa 16 na kumaliza kiraka kimoja kabla ya kushika kingine. Pikseli ikiwa baiti 4, kiraka husoma mistari 16 ya kache na kuandika kwenye mistari mingine 16 au zaidi kidogo, jumla kilobaiti 2 hivi. Hizo zinakaa kwenye kache ya kwanza mpaka kila baiti iliyoletwa iwe imetumika.