Kijiti cha Mkononi Hakipimi Homoni

Binti wa kaka yangu ameniandikia kutoka Bariadi. "Shangazi, shikamoo. Hedhi yangu inaruka. Nilipima mwili mzima kwa mashine, nikaambiwa homoni zimevurugika na kizazi ni kichafu. Nipime wapi tena nihakikishe?"

Swali hili nimeulizwa wodini, kanisani na hata mnadani, na nimechoka kulisikia. Kwa kijiti cha mashine ile, mwanangu, hutahakikisha lolote popote utakapokwenda.

Mashine hiyo kwanza inauliza jinsia, umri, urefu na uzito, kisha unashika kijiti cha chuma. Kijiti hakiwezi kuhisi zaidi ya umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na jasho la kiganja tu linatosha kuubadili. Homoni zimo ndani ya damu, kwa kiasi kidogo mno. Maabara huzipima kwa kukutoa damu mshipani na kuichanganya na vitendanishi. Anayebisha amwandikishe msichana kuwa mwanamume: mashine itamsomea hali ya tezi dume ambayo hana. Inatoa majibu ya kile ilichoandikiwa.

Na "kizazi kichafu" si ugonjwa. Hedhi ni utando wa mji wa mimba unaobomoka na kutoka wenyewe. Vidonge vya kuweka ukeni eti visafishe huchubua uke, na ule uchafu unaoonyeshwa kama ushahidi ni dawa yenyewe na ngozi iliyobanduka.

Sasa tusome tarehe ulizonitumia: 6 Januari, 19 Februari, 16 Aprili. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Kwako ni siku 44, kisha 56. Kwa mwanamke wa miaka 22 tunategemea siku 24 hadi 38. Umesema pia una chunusi nyingi na ndevu kidevuni. Hapo nashuku yai halipevuki kila mwezi na homoni za kiume zimezidi, hali inayoambatana na vifuko vingi vidogo kwenye ovari.

Nenda hospitali na tarehe hizo. Anza na kipimo cha mimba, hata kama una uhakika. Kisha damu: kipimo cha tezi ya shingo, kinachoandikwa TSH kwenye fomu, prolaktini, testosteroni, na sukari. Wingi wa damu upimwe ukiwa unatoka damu nyingi. Ultrasaundi ifuate daktari akiona inahitajika; chunusi, ndevu na hedhi ya kuruka vinaweza kutosha mengine yakishaondolewa. Mweleze kama ulitumia sindano ya uzazi wa mpango au P2, maana zote huvuruga tarehe. Damu ikitoka baada ya tendo au kwenye mkojo, omba uchunguzwe kichocho, kwani huku kwetu kipo.

Mimba ikionekana na tumbo likakuuma upande mmoja, au ukiloweka pedi kila saa, usisubiri: nenda siku hiyohiyo.