Nyumba ya bure, gari la ofisi, na mkono wa TRA

Meneja mpya Dar es Salaam anapewa mshahara, nyumba Mikocheni na gari la kutembelea. Mwisho wa mwezi anakuta kodi iliyokatwa ni kubwa kuliko mshahara wake unavyostahili. Mhasibu hajakosea. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, nyumba na gari navyo ni malipo ya kazi. Thamani yake hujumlishwa na mshahara, kisha kodi hukatwa kwenye jumla.

Gari halina maneno mengi. Sheria haiulizi bei yake wala kilomita ulizotembea, inaangalia ukubwa wa injini na umri tu. Injini ya zaidi ya cc 2,000 hadi 3,000, gari likiwa halijapita miaka 5, huongeza shilingi 1,000,000 kwenye mapato ya mwaka mzima; likishapita miaka hiyo, ni 500,000. Hiyo si kodi yenyewe. Kwa anayekatwa asilimia 30, milioni moja huzaa kodi ya 300,000 kwa mwaka, ambayo ni nafuu kubwa kwa mtu anayeendeshea shangingi la kampuni hadi harusini. Na kama mwajiri haingizi gharama zozote za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, meneja haongezewi kitu.

Kwenye nyumba ndipo hesabu inapopinda. Kwanza huchukuliwa asilimia 15 ya mapato ya mfanyakazi bila nyumba, ikalinganishwa na gharama za nyumba alizodai mwajiri kwenye hesabu zake. Kubwa kati ya hizo mbili hupimwa na pango la soko, na safari hii ndogo ndiyo inayotumika.

Tuseme meneja wetu, baada ya mchango wa NSSF, ana mapato ya 60,000,000 kwa mwaka, na lile gari la milioni moja: jumla 61,000,000. Asilimia 15 yake ni 9,150,000. Nyumba ni mali ya kampuni, gharama zilizodaiwa ni 6,000,000, na pango la soko ni 18,000,000. Anaongezewa 9,150,000, kodi yake 2,745,000.

Sasa kampuni ikiipanga nyumba kama hiyo kwa mtu mwingine kwa 18,000,000 na kuzidai zote, meneja anaongezewa 18,000,000. Kodi inapanda hadi 5,400,000, ilhali analala kwenye vyumba vilevile. Angepewa fedha hizo mkononi kama posho ya nyumba, matokeo yangekuwa hayohayo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, swali la maana ni nyumba ni ya nani.

Meneja akichangia pango kwa mwajiri, mchango huo hutolewa. Akikatwa 300,000 kila mwezi kwenye ile nyumba ya kampuni, kinachoongezwa hushuka kutoka 9,150,000 hadi 5,550,000.