Mafuriko Yaliyogawanywa Njiani

Tarehe 28 Februari 2018, mafuriko ya data yaliyofikia kilele cha terabiti 1.35 kwa sekunde yaliikumba GitHub. Tovuti haikupatikana kwa dakika 5 hivi.

Trafiki yake ikaelekezwa kwenye vituo vya kuchuja vya kampuni ya Akamai. Vituo hivyo hutumia enikasti: vingi hutangaza anwani ileile, na ruta hupeleka data kwenye kile kilicho karibu zaidi kimtandao. Hivyo mzigo hugawanyika tangu njiani.

Kuchuja kulirahisishwa na alama moja. Data chafu ilitoka kwenye poti 11211 ya seva za memcached. Hiyo hutupwa, maombi halali yakapita.

Lakini mashambulizi yakitoka eneo moja tu, kituo cha hapo huweza kuelemewa huku vingine vikibaki na nafasi.